Were baada ya wish, be baada ya demand

"Mwalimu alisema baada ya wish tuandike were hata kwa mtu mmoja. Mbona basi amekata sentensi yangu: I wish he were here, and I demand that he were told?"

Nusu ya kwanza ni sahihi, kosa liko kwenye were ya pili. Wengi hudhani vitenzi hivi vyote vinafuata kanuni moja, ilhali Kiswahili chetu chenyewe kinavitenganisha. Isome hivi: "Natamani angekuwa hapa, na ninadai aambiwe."

Sikiliza -nge- katika angekuwa: hayupo, unawaza tu kinyume cha hali ilivyo. Hapo ndipo were inapokaa. Katika mazungumzo wazawa wengi husema was, na maana haipotei. Kwenye mtihani na barua rasmi, andika were.

Aambiwe inaishia na -e, kwa sababu unataka jambo litendeke. Baada ya demand na suggest, Kiingereza hapo hutumia kitenzi kitupu: I demand that he be told, I suggest that she come, bila s. Hata ukianza na demanded, be haibadiliki. Waingereza wengi huongeza should: that he should be told.

Suggest ndiyo yenye mtego. The letter suggests that he is ill maana yake barua inaashiria kwamba anaumwa. Hakuna anayependekeza augue, kwa hiyo is inabaki.