"Vinywaji vikali" si pombe zote: dhana potofu katika kutafsiri menyu ya baa

Dhana: "Vinywaji vikali" ni njia ya heshima ya kusema pombe.

Hii ndiyo inayorudi kila mara, tena mara nyingi menyu ikiwa imeshachapwa. Vinywaji vikali ni kundi moja tu la pombe: wiski, jini, vodka, ramu na ndugu zao. Bia na mvinyo havimo.

Tazama madhara yake. Sera ya baa inayoambatana na menyu inasema: "Hatuuzi vinywaji vikali kwa mtu aliye chini ya miaka 18." Mhudumu mgeni anafungua menyu, anakuta kichwa "Vinywaji vikali" juu ya wiski na jini, na "Bia" ina ukurasa wake. Akimuuzia bia kijana wa miaka 16, maneno ya sera yenyewe hayajamkataza. Na bia si maji. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 5 ya kilevi ina mililita 16.5 za kilevi halisi, wakati toti ya mililita 40 ya wiski ya asilimia 40 ina mililita 16.

Kwa hiyo, kwenye sera andika "pombe" au "vileo", na "vinywaji vikali" libaki kichwa cha sehemu ya menyu. Chagua neno moja, kisha pitia nyaraka zote nalo, hadi kibao cha mlangoni. Wala usikimbilie "vinywaji" peke yake: "Baada ya saa tano usiku hatuuzi vinywaji" imezuia soda na maji, ambayo ndiyo unayotaka mteja aliyelewa anywe.

Dhana: Mlevi na aliyelewa ni mamoja.

Mlevi ni mtu mwenye tabia ya ulevi; aliyelewa ni hali yake ya usiku huu. "Hatuhudumii walevi" ni tusi, na haimwongozi mhudumu. Andika: "Hatumwongezei pombe mteja aliyekwisha kulewa." Angalia pia kitenzi. Sera ikisema mhudumu "lazima akatae", usiilainishe iwe "anaweza kukataa", kwani hapo wajibu umegeuka hiari.

Dhana: "Kunywa kistaarabu" inatosha kwa sehemu ya sera inayohusu huduma.

Hayo ni maneno ya kumwambia mnywaji. Sehemu hiyo inamhusu anayemimina, nayo iitwe "uwajibikaji wa mhudumu".

Dhana: "Zaidi ya miaka 18" ni sawa na "kuanzia miaka 18".

Aliyezaliwa tarehe 12 Juni 2007 alitimiza 18 tarehe 12 Juni 2025. Pale umri halali unapoanzia 18, siku hiyo anaruhusiwa, lakini "zaidi ya 18" inamzuia. Andika "aliyetimiza miaka 18". "Vijana" nalo halifai kabisa, maana mtu wa miaka 25 ni kijana.

Tarakimu yenyewe usiiguse. Inafuata sheria ya mahali pombe inapouzwa, hata kama kwao msomaji umri ni mwingine.