Kupima kiwanja kwa Google Earth Pro na kuhamishia Excel: dhana potofu na ukweli

Dar es Salaam ya sasa kiwanja kinaonekana kwenye skrini kabla mnunuzi hajavuka pantoni. Dalali anatuma alama ya mahali kwa simu, mtu anafungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, anachora mipaka, anasoma eneo, kisha anataka namba zile ziingie kwenye Excel ili alinganishe viwanja na bei zake. Mambo mengi yanakwenda kombo hapo kati, na mengi yanatokana na imani zilezile chache.

Dhana: toleo la Pro linalipiwa, lazima utafute "key".

Zamani ndiyo, lilikuwa dola 399 kwa mwaka. Tangu Januari 2015 ni bure. Anayekuuzia namba ya kufungulia anakuuzia kitu kisicho na bei.

Dhana: ukishapima, unahifadhi faili, unalifungua kwenye Excel na ukubwa wa eneo unaukuta humo.

Hili ndilo linalowasumbua wengi. Unafungua Ruler, unachagua Polygon, unabofya pembe za kiwanja, na eneo linatokea palepale. Unabonyeza Save, umbo linakaa kwenye My Places. Ukilibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Save Place As, programu inakupa faili la KML au KMZ. Hakuna CSV wala Excel. Tena ndani ya faili hilo eneo lenyewe halimo, wala urefu wa upande wowote. Zilizomo ni pembe tu. Kila unapolifungua tena, programu inakokotoa upya kutoka kwenye pembe hizo.

Kwa hiyo unachohamisha ni pembe, na hesabu unaifanya upya kwenye Excel. Chagua KML, maana KMZ ni faili lililobanwa na ukilifungua kwa Notepad utaona takataka. Tuchukue kiwanja cha mfano upande wa Kibada, Kigamboni. Ndani ya KML, tukibakiza tarakimu tano baada ya nukta, utakuta hivi:

```
<coordinates>
39.33000,-6.89000,0 39.33070,-6.89006,0
39.33066,-6.89064,0 39.32996,-6.89058,0
39.33000,-6.89000,0
</coordinates>
```

Kiwanja kina pembe nne lakini mafungu ya namba ni matano, kwa sababu pembe ya kwanza inarudiwa mwishoni ili kufunga umbo. Usiifute. Ukiifuta, mzunguko utakosa upande mmoja. Angalia pia kwamba longitudo inatangulia na latitudo inafuata, kinyume cha tulivyozoea. Ukizichukua namba hizo kama zilivyo na kuzibandika kwenye sehemu ya kutafuta, programu itaisoma ya kwanza kuwa latitudo, na badala ya Kigamboni utatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Weka kila pembe kwenye mstari wake, bandika kwenye Excel kuanzia A2, kisha tumia Text to Columns na uchague koma. Longitudo itakaa safu ya A, latitudo safu ya B, na sifuri ya mwisho itaangukia C. Ifute hiyo. Sasa geuza nyuzi kuwa mita. Kwa latitudo ya Dar es Salaam, nyuzi moja ya longitudo ni takriban mita 110,520, na ya latitudo takriban mita 110,590. Andika hizi kwenye C2 na D2, uziburute hadi mstari wa 6:

```
=(A2-$A$2)*110520
=(B2-$B$2)*110590
```

Kutoa namba za pembe ya kwanza kwenye kila pembe kunafanya namba ziwe ndogo: pembe ya pili inakuwa mita 77.4 mashariki na mita 6.6 kusini ya ile ya kwanza. Urefu wa kila upande unauandika E3 na kuuburuta hadi E6, na eneo unaliweka kwenye seli yoyote iliyo wazi:

```
=SQRT((C3-C2)^2+(D3-D2)^2)
=ABS(SUMPRODUCT(C2:C5,D3:D6)-SUMPRODUCT(C3:C6,D2:D5))/2
```

Kwa kiwanja chetu unapata pande za mita 77.6 na 64.3, kila moja mara mbili, na eneo la mita za mraba 4,992. Linganisha na namba uliyoisoma kwenye Ruler. Zikipishana sana, kuna kosa. Eneo likitoka dogo kupita kiasi, au karibu na sifuri, mara nyingi pembe zilibofywa bila kufuata mzunguko, mistari ikakatana katikati. Kwa barabara au ukuta, chora kwa Path; faili lake linasomwa kwa njia hiyohiyo, ila unaishia kwenye kujumlisha urefu.

Dhana: programu inakosea ekari.

Dalali atakwambia, "Kaka, hiyo ni eka moja safi, hatua sabini kwa sabini." Unapima, unaona ekari 1.23, unadhani kompyuta imezidisha. Haijazidisha. Ekari ya kwenye programu ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Sabini kwa sabini kwa mita ni 4,900, yaani ekari 1.21. Na hatua si mita: mtu mwenye hatua ya sentimita 90 atapata mita 63 kwa 63, ambazo ni 3,969 tu, pungufu ya ekari. Ndiyo maana watu wawili wanaotamka "eka" wanaweza kuwa wanazungumzia ardhi mbili zenye tofauti ya karibu mita za mraba elfu moja. Kwenye Excel weka mita za mraba, na bei uigawe kwa hizo. Hapo ndipo viwanja viwili vinalinganishika.

Dhana: tarakimu nyingi baada ya nukta ni uthibitisho wa usahihi.

Programu itakuonyesha hata sehemu ya mia ya mita, lakini kidole chako kwenye kipanya hakifiki huko. Kiwanja chetu kina mzunguko wa mita 284. Ukichora mstari nje ya mpaka kwa mita moja tu kila upande, umeongeza karibu mita za mraba 284, karibu asilimia sita. Mwembe uliofunika kona unatosha kuleta kosa hilo. Rudi kwenye picha za miaka ya nyuma kwa kitufe chenye alama ya saa. Mara nyingi utapata ambayo mpaka unaonekana wazi. Penye nyumba ndefu, fuata msingi, si paa, kwa kuwa jengo huonekana limelala upande.

Picha nzima ikiwa imesogea mita kadhaa, eneo haliharibiki, kwa sababu pembe zote zimesogea pamoja. Linaharibika ukichukua pembe mbili kwenye picha ya mwaka mmoja na mbili kwenye picha ya mwaka mwingine. Pima zote kwenye tarehe moja, na tarehe hiyo iandike kwenye safu yake ndani ya Excel.

Dhana: namba za kwenye ramani ya upimaji zikiangukia kwa jirani, hati ni feki.

Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zimefuata mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, wakati Google Earth inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukiingiza namba za mfumo wa kwanza moja kwa moja kwenye wa pili, alama inahama kwa takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye mtaa wa Mbagala hizo ni nyumba nyingi sana. Umbo na ukubwa wa kiwanja vinabaki vilevile, ila mahali ndipo panapohama. Namba zibadilishwe mfumo kwanza, ukanda wa ramani kwa Dar es Salaam ukiwa UTM 37 kusini, ndipo ziwekwe kwenye picha. Na vigingi vyenyewe viko ardhini: anayevithibitisha ni mpima ardhi aliyesajiliwa akiwa na vifaa vyake.