Oda Iliyorejeshewa Fedha Haifutiki: Hali za Oda na Hesabu ya Mauzo

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mama anayeuza leso dukani kwake katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa na pia kwenye tovuti, aliniletea karatasi ya mauzo ya Julai akaniambia, "Mwanangu, mimi nahesabu zilizokamilika tu, halafu natoa pesa nilizorudisha. Kosa liko wapi?" Ni mtu wa tano mwaka huu kuniletea hesabu ya namna hiyo, na wawili kati yao walifundishwa hivyo na watu wanaolipwa kutunza vitabu. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Duka lake linatumia WooCommerce, nami nitazitumia hali za oda kama zinavyosomeka humo. Oda iliyo `pending` imeandikwa lakini haijalipwa. Iliyo `failed` ilijaribiwa kulipwa ikashindikana, kwa mfano mteja alikosea namba ya siri au hakuwa na salio. Hizo mbili si mauzo, na sina la kuongeza juu yake. Iliyo `processing` imelipwa na inasubiri kufungwa na kupelekwa. Iliyo `completed` imelipwa na imekwisha kupelekwa. Ukiacha `on-hold`, nitakayoigusa mwishoni, zilizobaki, `cancelled` na `refunded`, ndizo zinazowapoteza watu, na ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi.

Hizi hapa takwimu za Julai. Oda 18 zilikuwa `completed`, jumla yake shilingi 54,000. Nne zilikuwa `processing`, shilingi 13,500. Mbili zilikuwa `refunded`, shilingi 7,000. Zaidi ya hizo, mteja mmoja aliyenunua doti tatu alikuta moja ina doa la rangi, akarudishiwa shilingi 1,200, na oda yake ikabaki `completed`. Mama alichukua 54,000, akatoa 7,000 alizozirudisha, akapata mauzo ya shilingi 47,000. Taarifa yake ya M-Pesa ya mwezi huohuo, kabla ya ada, ilionyesha zimeingia 74,000 na zimerudishwa 8,200, yaani zimebaki 65,800. Alikuwa na hofu kwamba kijana wake wa dukani anaingiza fedha zisizo na oda, na kwa sababu hiyo hakulala vizuri siku mbili.

Tofauti ni shilingi 18,800, na yote ina maelezo.

Nianze na zile 7,000. Oda iliyorejeshewa fedha zote huhama kutoka `completed` kwenda `refunded`. Ukihesabu zilizokamilika tu, basi oda hizo mbili tayari hazimo katika 54,000. Ukizitoa tena unakuwa umezitoa mara mbili: mara ya kwanza kwa kutozihesabu, mara ya pili kwa kuzipunguza katika fedha za wateja wengine ambao hawakurudisha chochote. Nimemchorea mama jambo hili kwa doti za leso juu ya meza, nikaziondoa doti mbili kwenye rundo, kisha nikamwuliza kwa nini anataka kuondoa nyingine mbili. Alielewa papo hapo. Waliomfundisha hawakuwahi kuona rundo lenyewe.

Hapo watu husema, "Basi nisizitoe, niache tu kuzihesabu." Hilo nalo halitoshi, kwa sababu ya yule mteja wa doti yenye doa. Urejeshaji wa sehemu haubadilishi hali ya oda. Oda inabaki `completed` kwa thamani yake yote, na zile 1,200 hazionekani popote katika orodha ya hali. Kwa hiyo njia hiyo hukamata marejesho makubwa na kuyaacha madogo yapite, na katika biashara ya nguo marejesho madogo ni mengi.

Njia iliyo sahihi ni kuihesabu oda ya `refunded` kama mauzo, kwa sababu siku ile ilipolipwa iliuzwa kweli, kisha kuandika urejeshaji kama tukio jingine lenye tarehe yake na alama ya kutoa. Ndivyo WooCommerce yenyewe inavyofanya ndani. Anayeweza kufikia hifadhidata na aangalie:

```sql
SELECT order_id, parent_id, date_created, status, total_sales
FROM wp_wc_order_stats
WHERE status = 'wc-refunded'
ORDER BY date_created;
```

Utaona safu mbili kwa kila oda iliyorejeshewa fedha zote kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza ni oda yenyewe, kwa kiasi chanya na kwa tarehe yake. Ya pili ni urejeshaji, kwa kiasi hasi, kwa tarehe fedha ziliporudishwa, na `parent_id` yake ndiyo namba ya oda ya kwanza. Tazama pia kwamba safu ya urejeshaji hubeba hali ya oda mama. Ndiyo maana katika mipangilio ya `Analytics`, sehemu ya `Excluded statuses`, hali zinazoachwa nje tangu mwanzo ni `pending`, `failed` na `cancelled`, wala `refunded` haimo. Watu huiona imekosekana wakadhani imesahauliwa, wakaiongeza, na kwa kufanya hivyo huondoa safu zote mbili pamoja.

Mwenye haraka ataniambia kwamba chanya na hasi zikiondoka pamoja jumla haibadiliki. Ni kweli iwapo zote ni za mwezi mmoja. Lakini chukua oda ya shilingi 4,500 iliyolipwa tarehe 29 Julai na kurejeshewa tarehe 3 Agosti. Tarehe 31 Julai ulipofunga hesabu ilikuwa ndani ya mauzo, na ripoti ukampa mshirika wako. Ukiitoa ripoti ileile ya Julai tarehe 10 Agosti, imepungua 4,500, ingawa hakuna lolote lililotokea Julai lililobadilika. Agosti nayo, ambayo ndiyo iliyotoa fedha, haionyeshi kitu. Hali ya oda hukueleza oda iko wapi leo. Haikumbuki ilikuwa wapi mwezi uliopita, na kila anayehesabu mauzo ya zamani kwa hali za leo ataona miezi iliyokwisha kufungwa ikisogea.

Kabla sijaiacha `refunded`, kuna onyo moja. Kuichagua hali hiyo kwa mkono kwenye ukurasa wa oda huandika urejeshaji katika hesabu, lakini hakumtumii mteja hata senti moja. Fedha lazima zirudishwe kwa njia ya malipo yenyewe. Nimewahi kukuta mteja anayedai kwa haki kabisa, huku mwenye duka akimwonyesha skrini iliyoandikwa `Refunded`.

Sasa `cancelled`. Katika Julai hiyo kulikuwa na oda tano zilizoghairiwa, na moja kati yake, ya shilingi 2,500, ilikuwa imelipwa. Mteja alipokea ombi la malipo kwenye simu, akaweka namba ya siri, fedha zikakatwa. Seva ya duka ilikuwa imezimika wakati taarifa ya malipo ilipotumwa, kwa hiyo oda ikabaki `pending`. Duka linalofuatilia idadi ya bidhaa lina mpangilio uitwao `Hold stock (minutes)`, ambao tangu mwanzo umewekwa dakika 60: oda isiyolipwa ikipitisha muda huo, hughairiwa na bidhaa hurudi rafuni. Ikaghairiwa, na ile doti akauziwa mtu mwingine. Hakuna ripoti ya hali itakayokuonyesha kosa hili. Hugunduliwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuchukua taarifa ya M-Pesa na kulinganisha kila namba ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi, na namba iliyohifadhiwa kwenye oda. Muamala usio na oda ndio unaoutafuta. Ukiupata, irudishe oda kwenye `processing` au umrudishie mteja fedha zake, lakini usiiache kama ilivyo.

Zilizobaki ni oda za `processing`. Tatu kati ya nne, jumla shilingi 10,500, zilikuwa zimelipwa na leso zilikuwa bado zinafungwa. Fedha zimo kwenye simu ya mama, na yeye hakuzihesabu popote.

Hesabu sasa inafunga. Tuliongeza 10,500 za oda zilizolipwa na 2,500 za ile iliyoghairiwa kimakosa, tukarudisha 7,000 zilizotolewa mara mbili, zikawa 20,000. Tukatoa 1,200 za doti yenye doa, zikabaki 18,800. Kijana wa dukani hakuwa na kosa lolote, na nilimwomba mama amwambie hivyo mwenyewe.

Ripoti ya WooCommerce, iliyopangwa kwa tarehe ya oda, ilisema 66,300, tofauti ya shilingi 500 tu na zile 65,800, na mama alitaka tuiache. Nilikataa. Hizo 500 zilikuwa mambo mawili yaliyofichana: ripoti ilikosa 2,500 za ile oda iliyoghairiwa, na ilikuwa na 3,000 za oda ya nne ya `processing`, ambayo ilikuwa ya mteja wa Likoni anayelipa akipokea mzigo. Oda ya namna hiyo huingia `processing` bila fedha kulipwa, na tarehe yake ya malipo hujazwa inapofika `completed`. Kwa hiyo maelezo yangu ya juu kwamba `processing` maana yake imelipwa yana shimo hapo.

Na hapa ndipo mimi mwenyewe nina shaka. Mhasibu akikuambia kwamba mapato huandikwa bidhaa inapomfikia mnunuzi, ana msingi. Kiwango cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinafuata mnunuzi anapopata udhibiti wa bidhaa, na fedha zilizolipwa kabla ya hapo ni deni la duka kwa mteja. Kwa macho hayo, zile 10,500 si mapato ya Julai, na anayesema "zilizokamilika tu" amegusa ukweli. Lakini akitaka kuufuata, na aufuate hadi mwisho: atumie tarehe ya kukamilika badala ya tarehe ya oda au ya malipo, kwa kuibadilisha `Date type` katika mipangilio, na marejesho bado yasitolewe mara mbili. Tatizo jingine ni kwamba `completed` hubonyezwa na mtu. Kwa mama, kijana huibonyeza mzigo unapopakiwa kwenye bodaboda, kabla mteja hajaupokea, na sijui duka dogo linaloweza kumzuia asifanye hivyo siku ya kazi nyingi.

Hali ya `on-hold`, inayotumika kwa malipo ya benki yanayosubiriwa, haimo katika zinazoachwa nje tangu mwanzo, kwa hiyo ripoti ya tarehe ya oda huihesabu kama mauzo. Mimi huitoa, kwa sababu hakuna fedha iliyoonekana, ingawa nawafahamu wenzangu wanaouzia hoteli ambao karibu kila oda ya namna hiyo hulipwa, nao huiacha ndani. Sina hoja ya kuwashinda.

Zile 3,000 za Likoni tuliziandika kwenye karatasi ya pembeni yenye kichwa "zinasubiri kulipwa". Alhamisi mteja alimlipa mwendesha bodaboda fedha taslimu, kijana akaibonyeza `completed`, na mama akazihamishia kwenye Agosti.