Milango Mitatu si Kipimo: Dhana Potofu Kuhusu Tangazo la Samani Iliyotumika

Kazi yangu ni udalali wa samani zilizotumika hapa Mombasa, na wiki hii nimeletewa tena tangazo lenye maneno yale yale: "Kabati la milango mitatu, mbao ngumu, hali nzuri, bei inajadilika." Mwenyewe alitaka kujua kwa nini watu huja kuliangalia kisha wakaondoka bila kununua. Nilipomwomba vipimo, alinijibu kwamba ni saizi ya kawaida. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na ndilo ninaloanza nalo.

Dhana: Idadi ya milango au jina la saizi inatosha kuwa kipimo.

Haitoshi, kwa sababu kila fundi ana milango mitatu yake. Hata kitanda cha tano kwa sita hakijatajwa vipimo vyake: tano kwa sita ni futi za godoro, yaani takriban sentimita 152 kwa 183, ilhali fremu inayolizunguka godoro hilo, pamoja na ubao wa kichwani, huchukua nafasi kubwa zaidi chumbani. Mnunuzi mwenye chumba kidogo anahitaji kipimo cha nje cha fremu, na godoro litajwe kando.

Wapo wanaopima kweli, lakini wakaandika "urefu 228, upana 150" na kuishia hapo. Neno "urefu" hutuponza, kwa kuwa hutumika kwa kitu kilichosimama na kwa kitu kilicholala vilevile. Mimi huwasisitizia wateja wangu waandike kimo kwa kipimo cha kutoka sakafuni kwenda juu, upana kwa kile cha kushoto kwenda kulia unapolitazama kabati, na kina kwa kile cha mbele kwenda ukutani. Kila kimoja kipimwe pale kabati lilipojitokeza zaidi, pamoja na vishikio vya milango na ile taji ya mbao iliyoko juu, kisha kitajwe kwa jina lake na kwa sentimita. Nambari tatu zilizopangwa bila majina humfanya msomaji abahatishe.

Hata hivyo, vipimo hivyo vitatu havitoshi kwa kabati refu lisilofunguka vipande vipande, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Mteja wangu mmoja wa Nyali aliuza kabati lenye kimo cha sentimita 228, upana wa 150 na kina cha 60 kwa mama mmoja aliyekaa ghorofa ya tatu huko Tudor. Mama huyo alikuwa mwangalifu: alipima dari la chumba chake, lililokuwa limeshushwa kwa jipsamu, akapata sentimita 234, akaona zimebaki sita za ziada, akalipa. Mahamali wanne walilipandisha kabati kwenye ngazi, wakaliingiza mlangoni likiwa limelala, kwa kuwa hakuna mlango wa chumba ambao kabati la kimo hicho lingeupita likiwa wima. Walipoanza kulisimamisha, pembe yake ya juu ikagota kwenye dari.

Sababu ni kwamba kabati linapoinuliwa kutoka sakafuni hadi kusimama, kuna wakati ambapo hulala mshazari, na wakati huo nafasi linayohitaji si kimo chake bali ni ulalo wa ubavu wake, yaani umbali wa mshazari kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Ukizidisha 228 kwa 228 na 60 kwa 60, ukajumlisha, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, unapata karibu sentimita 236. Dari lilikuwa na 234. Kuliinua kwa upande wa upana kungezidisha tatizo, kwa kuwa ulalo wa mbele ni mrefu zaidi. Kulifungua hakukuwezekana, kwani fundi aliliunga kwa gundi na misumari. Kabati likarudi Nyali, na gharama ya gari ikalipwa mara mbili kwa ajili ya sentimita mbili ambazo hakuna aliyezitaja.

Muuzaji hahitaji kufanya hesabu hiyo. Anyooshe futi ubavuni mwa kabati, kutoka pembe ya chini ya nyuma hadi pembe ya juu ya mbele, na hapo ulalo umepatikana. Aandike: "Kimo sentimita 228, upana 150, kina 60, ulalo wa ubavuni 236, halifunguki vipande." Mnunuzi mwenye dari la 234 atajua mapema kwamba halimfai, na mwenye dari la 250 atakuja akiwa ameshaamua. Ninawasihi wauzaji waandike kipimo hiki kwa kila kabati linalozidi mita mbili. Ni kazi ya dakika moja.

Dhana: "Mbao ngumu" ni jina la mbao.

Si jina. Andika mvule, mkangazi au msaji ikiwa una hakika, na utaje ni sehemu ipi, maana kabati lenye milango ya mvule mara nyingi lina mgongo wa plaiwudi. Ikiwa huna hakika, toa droo uangalie ukingo ambao haukupakwa vanishi. Mbao halisi huonyesha nyuzi zake zikipita kutoka uso hadi ukingoni, plaiwudi huonyesha matabaka, na ubao wa maranda yaliyoshindiliwa huonyesha chembechembe. Katika unyevu wetu wa pwani, ubao wa maranda hufura kwanza miguuni, pale unapogusana na maji ya kupigia deki, na ukishafura haurudi. Mnunuzi atapapasa hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Dhana: Kutaja kasoro ni kujishushia bei.

Kinachoshusha bei ni kasoro inayogunduliwa mlangoni huku gari likisubiri. Taja mahali na ukubwa: "Mkwaruzo wa sentimita 12 kwenye mlango wa kulia, bawaba mbili za kushoto zina kutu lakini mlango unafunga." Kutu ya bawaba karibu na bahari haimshangazi mtu yeyote. Vitundu vya mbao zilizobunguliwa ni jambo zito zaidi: fagia unga wote, weka karatasi chini kwa siku kadhaa, na unga mpya ukidondoka, wadudu bado wamo na ni lazima useme.

Dhana: Usafiri na ufungaji ni mambo ya kuelewana baadaye.

Bei ya usafiri hutegemea mambo ambayo muuzaji pekee anayajua: ghorofa ya ngapi, ngazi ina kona ngapi, na gari linafika wapi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale pikapu huishia mbali na kitu hubebwa kwa mkokoteni, na mnunuzi wa Likoni ana kivuko cha kufikiria. Tangazo liseme pia kama samani itakabidhiwa ikiwa imefunguliwa, nani ataifungua, na kama bolti na funguo zake zote zipo.

Kwa kabati la ubao wa maranda lililofungwa kwa skrubu, eleza limewahi kufunguliwa mara ngapi. Kila skrubu inapotolewa na kurudishwa, tundu hulegea kidogo, na baada ya mara mbili tatu skrubu huzunguka bila kushika. Kabati lililokwisha kuhama nyumba tatu liuzwe likiwa limefungwa, libebwe hivyo hivyo, na ulalo wake uandikwe.