Milisekunde chache, ugumu mwingi: kusoma jaribio la mawimbi ya S shimoni

Ugumu wa udongo unapogeuzwa umbo kidogo sana, chini ya asilimia 0.001 hivi, haupimwi vizuri kwa kuusukuma na kusoma umesogea kiasi gani. Tunautafuta kwa kasi ya mawimbi ya S, yaani yale yanayotikisa udongo kwa kukingama na njia yanayopita. Ukishapata kasi Vs na densiti ρ, hesabu ya ugumu huo, G0, ni fupi:

```
G0 = ρ × Vs²
```

Kipeo hicho cha pili ndicho kinachotutia adabu. Ukikosea kasi kwa asilimia 10, ugumu unakosewa kwa takriban asilimia 20. Ndiyo maana nataka nikae zaidi kwenye kusoma muda, kwa sababu huko ndiko majibu mengi huharibikia.

Katika jaribio la shimoni tunapiga nyundo juu ya ardhi na kupokea wimbi ndani ya shimo kwa jiofoni, yaani kifaa kinachorekodi mtetemo. Huanza na shimo lililowekwa bomba la PVC. Nafasi kati ya bomba na udongo hujazwa uji wa saruji na bentonaiti, ukipitishwa kwa bomba dogo kutoka chini kwenda juu, kisha huachwa siku kadhaa ugande. Msifanye haraka hapa. Pakibaki pengo, bomba halishikani na udongo, na jiofoni inarekodi mtetemo wa bomba lenyewe. Dalili yake ni mistari ya rekodi inayoendelea kuvuma muda mrefu baada ya wimbi kupita, halafu kina kinachofuata kinasomeka vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuongeza mapigo hakutibu hali hiyo. Kina hicho kiandike kuwa hakisomeki.

Juu ya ardhi, mita 1 hadi 3 kutoka mdomo wa shimo, lalisha boriti ya mbao na uikandamize kwa magurudumu ya gari. Boriti isipokandamizwa huteleza, na nguvu inaishia kwenye nyasi. Ondoa majani na udongo uliolegea chini yake kwanza. Piga ncha moja kwa nyundo nzito, rekodi, halafu piga ncha ya pili. Ndani ya shimo jiofoni ya pande tatu hubanwa ukutani kwa mpira unaojazwa hewa au kwa springi, na husogezwa mita 1 kila mara. Nyundo ina swichi inayoanzisha saa ya kifaa.

Kupiga ncha mbili ndiko kunakotuwezesha kulitambua wimbi la S. Ukibadilisha upande wa pigo, wimbi la S hugeuka: pale mstari wa kwanza ulipopanda, wa pili unashuka. Wimbi la P, lile linalotikisa udongo kwa kufuata njia linayopita, ambalo hutangulia na katika udongo uliojaa maji hukimbia karibu mita 1500 kwa sekunde, kwa kawaida haligeuki hivyo. Weka mistari yote miwili, mmoja juu ya mwingine, na utafute mahali inapoachana kama kioo. Hapo ndipo muda husomwa. Isipoachana kama kioo, usilazimishe. Angalia kwanza kama jiofoni imebanwa, kisha kama imezunguka ikaelekea pembeni mwa boriti. Ikiwa imezunguka, unganisha rekodi za pande mbili za mlalo kabla ya kusoma.

Sasa tuchukue mfano. Boriti iko mita 2.0 kutoka shimoni. Kwenye kina cha mita 3 muda ni milisekunde 20.6, na kwenye mita 4 ni 25.2. Tofauti ni 4.6, na anayegawanya mita 1 kwa muda huo anapata mita 217 kwa sekunde. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu wimbi halikushuka wima. Lilitoka kwenye boriti likaja kwa mshazari: mita 3.61 kufika kina cha 3, na mita 4.47 kufika kina cha 4. Njia iliyoongezeka ni mita 0.87 tu. Hivyo kila muda hurekebishwa kwanza:

```
tc = t × z / sqrt(z² + x²)
```

hapo z ni kina na x ni umbali wa boriti. Tunapata milisekunde 17.14 na 22.54. Tofauti ni 5.40, na kasi ni mita 185 kwa sekunde. Kwa densiti ya kilo 1800 kwa mita moja ya ujazo, G0 ni MPa 62 hivi. Bila marekebisho ingekuwa MPa 85, karibu asilimia 38 zaidi, na kosa liko upande wa hatari. Kadiri unavyoshuka tofauti hii hupungua, lakini mita chache za juu ndizo zinazobeba misingi mingi.

Kosa la pili ni la kusoma. Ukikosea milisekunde 0.3 katika tofauti ya 5.40, kasi inakosewa kwa asilimia 5 au 6. Kwenye udongo wa mita 400 kwa sekunde, mita 1 hupitwa kwa milisekunde 2.5 tu, na kosa lile lile linakuwa asilimia 12, yaani kama robo ya ugumu. Kwa hiyo kwenye udongo mgumu sipendi kasi ya kila mita. Chora muda uliorekebishwa dhidi ya kina, na pale nukta zinapokaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, chukua mteremko wa mstari huo. Swichi ya nyundo nayo huyumba. Jiofoni moja iliyoachwa mahali pamoja juu ya ardhi itaonyesha kama saa inaanza sawasawa kwa kila pigo.

Mawimbi ya uso hayahitaji shimo. Jiofoni 24 za 4.5 Hz zikipangwa kwa mita 2, mstari una mita 46. Tunapiga nyundo kwenye bamba na kusoma jinsi kasi ya mawimbi hayo ya uso, yaani ya Rayleigh, inavyobadilika kwa masafa: mawimbi marefu huhisi kina zaidi. Nayatumia kulihakiki shimo. Tuseme kwenye 20 Hz kasi inasomeka mita 172 kwa sekunde. Urefu wa wimbi ni mita 8.6, na kina kinachowakilishwa ni theluthi hadi nusu yake, mita 3 hadi 4 hivi. Kasi ya Rayleigh ni takriban 0.93 ya Vs, hivyo Vs inakaribia 185. Kama 217 ingekuwa kweli, tungetarajia karibu 202. Ni ukaguzi wa makadirio, kwa sababu udongo wa juu zaidi nao umechangia, lakini unatosha kumkamata aliyesahau mshazari.

Usiyaamini peke yake kwa tabaka zilizoko chini. Tabaka gumu likiwa juu ya laini, nguvu kubwa huweza kuhamia kwenye mitindo ya juu ya mtetemo. Ukiisoma kasi yake kana kwamba ni ya mtindo wa msingi, Vs inapanda isivyostahili. Dalili yake ni kasi inayoruka ghafla badala ya kubadilika taratibu. Isitoshe, mipangilio mingi ya tabaka huweza kuzaa mkunjo ule ule wa kasi dhidi ya masafa. Shimo likiwepo, funga mipaka ya tabaka kwa kumbukumbu za uchimbaji kwanza, ndipo uiache programu itafute kasi. Tabaka laini la mita 1 lililo kwenye kina cha mita 12 mawimbi ya uso hayataliona hata hivyo. Shimo litalionyesha, mradi umesoma kwa kila mita.