Thamani ya Mwisho: Mstari Mmoja Unaobeba Zaidi ya Nusu ya Bei ya Kampuni

Malalamiko kuhusu ripoti za uthamini wa kampuni za familia yanazidi kufika kwenye dawati letu hapa Mombasa, na mengi yanafanana. Ndugu wanagawana hisa, au mmoja wao anataka kuuza fungu lake, wanakuja na ripoti mbili za kampuni ileile. Moja inasema shilingi milioni 293, nyingine milioni 137. Swali la kwanza huwa ni: nani kati ya hawa wathamini ametuibia?

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Wote wawili wamechukua makadirio yaleyale ya fedha za miaka mitano. Wametofautiana juu ya mambo yatakayotokea baada ya mwaka wa tano, na hayo yamefichika kwenye mstari mmoja chini ya jedwali, ule ulioandikwa `Terminal value` katika faili nyingi. Kwa Kiswahili tunauita thamani ya mwisho, ingawa jina hilo linapotosha kidogo: si mabaki, ni bei ya miaka yote inayofuata baada ya makadirio kukoma.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye ghala baridi Shimanzi, inayohifadhi samaki na parachichi za kupakiwa Kilindini. Fedha zinazobaki mkononi kila mwaka, baada ya kodi na baada ya kununua mitambo, zimekadiriwa kuwa milioni 20, 22, 24, 26 na 28. Kiwango cha punguzo, yaani faida ambayo mwekezaji anadai kwa mwaka ili akubali hatari ya biashara hii, ni asilimia 18. Ukizirudisha fedha hizo hadi thamani ya leo, miaka mitano yote kwa pamoja inatoa milioni 73. Kisha unakuja ule mstari:

```
TV = FCF5 * (1 + g) / (r - g)
PV = TV / (1 + r)^5
```

Hapo `TV` ni thamani ya mwisho, `PV` ni thamani yake ya leo, `FCF5` ni fedha za mwaka wa tano, `r` ni kiwango cha punguzo na `g` ni ukuaji wa kudumu baada ya mwaka wa tano. Tukiweka ukuaji wa asilimia 5, milioni 28 inakuwa 29.4, tunaigawa kwa 0.13, tunapata milioni 226. Ikirudishwa leo ni milioni 99. Jumla ya kampuni ni milioni 172, na kati ya hizo asilimia 58 zimetoka kwenye mstari mmoja.

Hapa ndipo watu wanaposhtuka, na hapa ndipo tunapochoka kueleza. Thamani ya mwisho kuzidi nusu si ushahidi wa udanganyifu. Ghala linalotarajiwa kufanya kazi miaka thelathini haliwezi kupata thamani yake nyingi katika mitano ya mwanzo. Anayetaka kuhakikisha alirefushe jedwali lilelile hadi miaka kumi, fedha zikikua kwa asilimia 5 ileile kutoka mwaka wa sita. Sehemu ya thamani ya mwisho itashuka kutoka asilimia 58 hadi 32. Na jumla? Milioni 172, haijasogea hata shilingi. Kilichofanyika ni kuhamisha miaka mitano kutoka chini ya mstari kwenda juu yake. Kwa hiyo mthamini anayejisifu kwamba ripoti yake inategemea thamani ya mwisho kwa theluthi moja tu hajakupunguzia hatari yoyote, amekuongezea safu za jedwali. Miaka mitano yenyewe ni mazoea zaidi kuliko sheria. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 36, kinachohusu kupima kama mali imepungua thamani, nacho kinaweka ukomo wa miaka mitano kwa makadirio ya kina, isipokuwa kampuni iweze kutetea muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo usiulize ni asilimia ngapi. Uliza ni dhana gani zimeingizwa, na uanze na ile tofauti ya `r` na `g` kwenye kigawanyo. Ni namba ndogo, na kugawa kwa namba ndogo kunaleta matokeo makubwa. Ripoti ya milioni 293 imepatikana hivi: punguzo limeshushwa kutoka asilimia 18 hadi 15, ukuaji umepandishwa kutoka 5 hadi 8. Kila badiliko ukilisikia peke yake linaonekana dogo. Lakini kigawanyo kimetoka 13 kikawa 7, karibu nusu, na thamani ya mwisho katika mwaka wa tano imeruka kutoka milioni 226 hadi 432. Ile miaka mitano ya mwanzo imeongezeka kwa milioni sita tu.

Kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji hata kompyuta. Igawe thamani ya mwisho kwa fedha za mwaka wa tano. Kwenye hesabu ya kwanza, 226 kwa 28 ni kama mara nane. Kwenye ya pili ni zaidi ya mara kumi na tano. Maana yake, ripoti ya milioni 293 inadai kwamba baada ya miaka mitano atatokea mtu Mombasa atakayelipia ghala hili fedha za miaka kumi na tano. Muulize mwenye ripoti kama yeye mwenyewe angenunua ghala lolote kwa bei hiyo leo.

Kuhusu ukuaji, tunasikia mara kwa mara: "Lakini sisi tumekua asilimia 12 kila mwaka, mbona mwatupa 5?" Fomula hii haina mwisho. Anayekua asilimia 12 milele katika uchumi unaokua polepole kuliko yeye, ipo siku atakuwa mkubwa kuliko uchumi wenyewe. Tena hizi ni shilingi za kawaida, zenye mfumuko wa bei ndani yake. Lengo la Benki Kuu ya Kenya kwa mfumuko wa bei ni asilimia 5, likiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5. Kwa hiyo `g` ya asilimia 5 haisemi kampuni itapanuka. Inasema bei zitapanda na mzigo utabaki uleule. Kwa ghala lenye vyumba vilevile na paa lilelile, hilo si dharau. Ukuaji wa kasi wa sasa mahali pake ni juu ya mstari, mwaka kwa mwaka, ukipungua hadi ufike kiwango cha kawaida. Ukiweka `g` sawa na `r` faili litakataa kugawa, na `g` ikiwa kubwa kuliko `r` litatoa thamani hasi, na ripoti za namna hiyo tumeshaletewa zikiwa na sahihi.

Kosa ambalo halionekani upesi, na ambalo kwa maoni yetu linapotosha zaidi ya `g`, ni ile milioni 28 yenyewe. Fedha za mwaka wa tano ndizo mbegu ya kila mwaka unaofuata, kwa hiyo chochote cha ajabu kilichomo ndani yake kinarudiwa milele. Tuifungue. Faida ya uendeshaji baada ya kodi ni milioni 23. Unarudisha uchakavu milioni 9, kwa kuwa si fedha iliyotoka. Unatoa ununuzi wa mitambo milioni 3, na milioni 1 iliyokwama kwa wateja wanaochelewa kulipa. Inabaki 28.

Tazama 9 na 3. Mitambo inachakaa kwa milioni 9 kwa mwaka na inanunuliwa ya milioni 3. Katika mwaka wa tano hilo linawezekana kabisa: kompresa ni mpya, milango ya vyumba ni mipya, hakuna cha kubadilisha. Lakini fomula imelichukua na kusema kompresa hizi hazitazeeka milele. Kwa hewa ya chumvi ya bandarini! Zaidi ya hapo, uchakavu unahesabiwa kwa bei ya zamani, na kompresa ya kuziba pengo itanunuliwa kwa bei mpya, kwa hiyo katika uchumi wenye mfumuko ununuzi wa kudumu lazima uwe juu ya uchakavu, si sawa nao. Tuseme fundi na mhasibu wamekubaliana kwamba wastani wa kweli ni milioni 13 kwa mwaka. Fedha za kudumu zinakuwa 23 + 9 − 13 − 1, yaani milioni 18. Thamani ya mwisho inashuka hadi milioni 145 mwaka wa tano, milioni 64 leo, na kampuni nzima ni milioni 137. Hiyo ndiyo ripoti ya pili ya wale ndugu. Seli moja imeondoa milioni 35, na `r` na `g` hazikuguswa.

Bado hatujauliza kama hiyo "milele" ipo. Uwanja huu wa Shimanzi tuseme umekodishwa, na mkataba umebakiza miaka 12 bila haki ya kuongezwa. Basi baada ya mwaka wa tano kuna miaka saba tu. Ukihesabu hiyo saba peke yake, ile milioni 64 inakuwa 35 na kampuni inafika milioni 108, pamoja na chochote kitakachopatikana kwa kuuza mitambo. Mkataba wa kukodi unapaswa kusomwa kabla ya kufungua faili, si baada. Na hata asiyekodi akumbuke mwaka 2019, agizo la kupeleka makontena ya bara kwa reli ya SGR lilivyozitikisa yadi za makontena na wenye malori hapa kwetu, kisha likasitishwa baada ya maandamano. Hatari kama hiyo huwekwa kwenye `r`, au kwenye hesabu ya pili inayoonyesha mzigo ukipungua. Haifichwi.

Sasa utaratibu. Ripoti inayoletwa kwetu iambatane na faili lenyewe la spredishiti likiwa na fomula hai, si picha wala PDF. Mkataba wa kukodi au hati ya ardhi. Na rejesta ya mitambo inayoonyesha mwaka na bei ya kununuliwa. Ndani yake tunataka jedwali dogo la `r` kwa safu tatu na `g` kwa safu tatu, ili wenye hisa waone masafa ya bei na si bei moja. Ripoti isiyo na jedwali hilo tunairudisha bila kuisoma.

Na msilete thamani kubwa kwa mnunuzi na ndogo kwa kodi. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hisa ni asilimia 1 ya thamani, na kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Kodi isiyolipwa kwa wakati huongezewa adhabu ya asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Afisa akikuta ripoti mbili za kampuni moja zenye tarehe za mwezi mmoja, ataenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa chini, na mwenye faili ndiye atakayeulizwa kwa nini kompresa zinazeeka kwenye ripoti moja na hazizeeki kwenye nyingine.