Kuchuma Kahawa Wakati wa Kutafuta Kazi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Msimu wa kahawa ni mmoja, na ukikupita unasubiri mwaka mzima.

Nchini Uganda, ikweta hupita karibu na Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, na misimu ya mvua ya pande zake mbili hailingani. Kahawa ya robusta huchukua takriban miezi 9 hadi 11 kutoka ua hadi tunda jekundu, kwa hiyo tofauti ya mvua huonekana baadaye kama tofauti ya mavuno. Upande wa Masaka, mavuno makubwa huwa karibu Mei hadi Agosti, ilhali Mukono na maeneo ya jirani huyapata karibu Novemba hadi Februari, na kila upande una msimu wake mdogo wakati mwenzake anavuna kwa wingi. Arabika ya miteremko ya Mlima Elgon, katika wilaya kama Sironko na Bulambuli, huchumwa zaidi kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka. Hivyo aliyekosa kibarua Mukono mwezi Machi ana sababu ya kupiga simu Masaka miezi miwili baadaye.

Dhana: Ujira wa debe ukizidishwa kwa siku za msimu ndio mapato.

Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wengi, hasa wahitimu wanaotoka mjini wakiwa wameambiwa bei ya debe na wachumaji wazoefu. Matunda ya mbuni hayaivi pamoja, na ndiyo maana shamba lilelile hupitiwa mara kadhaa. Katika mzunguko wa kwanza mekundu ni machache na mchumaji hutembea zaidi kuliko anavyochuma, kisha matawi hujaa katikati ya msimu, na mwishoni hubaki mabaki ya kuokoteza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana anayeishi Mukono mjini, ambaye amekubaliana na mwenye shamba shilingi 3,000 kwa debe. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000 na chakula cha mchana ni 3,000, yaani 7,000 kila siku, avune asivune. Katika wiki 2 za mwanzo anajaza debe 2 kwa siku, anapata 6,000, na kwa hiyo anapoteza 1,000. Katika wiki 4 za katikati anajaza debe 6, anapata 18,000 na kubaki na 11,000. Wiki 2 za mwisho zinampa debe 3, na anabaki na 2,000. Akifanya kazi siku 5 kwa wiki, kilele kinamwachia shilingi 220,000, ilhali wiki nyingine 4 zote kwa pamoja zinamwongezea 10,000 tu. Alipokuwa akipanga, alizidisha 18,000 kwa siku 40 akaiona 720,000.

Kwa anayetafuta ajira ya kudumu, wiki hizo 4 za pembeni zina thamani kubwa zaidi zikitumika kupeleka maombi na kuhudhuria usaili. Hesabu hubadilika ikiwa shamba linatoa malazi na chakula, maana hapo hata zile 6,000 za mwanzo hubaki mkononi. Jambo hilo huulizwa kabla ya bei ya debe.

Dhana: Anayekwangua tawi zima ndiye mwenye akili, kwa kuwa debe hujaa haraka.

Matunda mabichi hutoa buni nyepesi, zenye ladha mbaya na bei ndogo, na kwa sababu hiyo mwenye shamba makini humwaga debe juu ya turubai kabla ya kulipima. Mchumaji huambiwa ayachambue mabichi kwa muda wake mwenyewe, au debe lake hukataliwa. Isitoshe, kukwangua huharibu vifundo ambavyo vingezaa msimu ujao. Ni vyema pia kukubaliana mapema kama debe ni la kusawazisha au la kujaza kilima, maana kilima hicho ni kazi isiyolipwa.

Dhana: Kibarua hana haki yoyote.

Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 4 kwa mwajiri mmoja anastahili mkataba wa maandishi, na hahesabiwi tena kuwa kibarua. Msimu wa kuchuma mara nyingi hauifikii miezi hiyo, kwa hiyo kinga hii humfaa zaidi anayebakizwa kukausha, kupalilia au kupogoa. Mchumaji wa wiki chache hulindwa zaidi na daftari lake: tarehe, idadi ya debe, na sahihi ya msimamizi kila jioni. Panapotokea ubishi wa malipo, hata mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atahitaji kitu cha kusoma.